Shajara ya mradi: spana ya torki namba 3 na alama ya kujumlisha iliyosomwa kinyume

Lubumbashi, karakana yetu ya Kampemba

Tarehe 7 Julai

Leo tumeanza rasmi kazi ambayo Papa Shefu alikuwa ameiahirisha tangu mvua zilipokatika: kuzilinganisha spana zote saba za torki za karakana, yaani zile zinazopima nguvu ya kuzungusha bolti, na kipimo kinachoaminika, na kuandika jedwali la mkengeuko la kila moja. Hapa kwetu wengi huiita spana hiyo kle dinamometriki, na kazi yenyewe huitwa etalonaji. Katika shajara hii nitaandika spana ya torki na kalibresheni, ili msomaji aliyeko mbali na Lubumbashi naye afuatane nami.

Kilichotusukuma ni giaboksi ya pikapu moja inayokwenda Likasi na kurudi kila juma. Imerudi kwetu mara mbili ikivuja mafuta kwenye maungio ya kasha lake la aluminiamu, na mara zote mbili bolti zake za M10 zilikazwa kwa nyutonimita 45, kama kitabu cha gari kinavyotaka, kwa spana namba 3. Gasketi ilikuwa mpya na nyuso za maungio zilikuwa safi. Sidai kwamba spana peke yake ndiyo iliyosababisha uvujaji, kwa sababu kasha la aluminiamu lina mengi ya kuharibika, lakini mtu hawezi kuendelea kukaza kwa chombo ambacho hajui kinatoa nini.

Spana namba 3 ni ya aina inayorekebishika, yenye skeli kwenye mpini na springi ndani yake, inayotoa mlio wa “tak” torki iliyowekwa inapofikiwa. Ina kichwa cha nusu inchi, na skeli yake inaanzia nyutonimita 40 hadi 200. Nimeamua kuanza na hiyo na kuifuata hadi mwisho, kabla ya kugusa nyingine sita.

Ninaandika jambo moja mapema kwa sababu limewahi kutuchanganya hapa. Kufanya kalibresheni hakumaanishi kurekebisha. Kalibresheni ni kuuliza spana inatoa kiasi gani na kuandika jibu lake bila kuigusa skurubu yoyote. Kurekebisha ni kazi ya pili, huja baadaye, na ikishafanyika lazima kalibresheni irudiwe upya. Mtu akirekebisha kabla ya kuandika hali aliyoikuta, amefuta ushahidi wa kazi zote zilizofanywa na spana hiyo katika miezi iliyopita.

Tarehe 8 Julai

Asubuhi tulipofungua karakana kipimajoto kilionyesha nyuzi 12. Kiwango cha ISO 6789 cha mwaka 2017, ambacho ndicho tunachokifuata, kinataka kazi hii ifanyike kati ya nyuzi 18 na 28 za Selsiasi, na joto lisipande wala kushuka zaidi ya nyuzi moja wakati wa vipimo. Katika majira haya ya baridi ya Katanga, hilo linamaanisha kwamba asubuhi haifai. Grisi iliyo ndani ya spana huwa nzito, na chuma kilicholala usiku kucha kwenye sakafu ya saruji huchukua muda kupata joto la chumba. Tumekubaliana kwamba spana na kipima-torki vitakaa pamoja mezani tangu asubuhi, na vipimo vitaanza saa saba mchana na kwisha kabla ya saa tisa na nusu.

Kipima-torki chetu ni kihisi cha umeme kilichofungwa kwenye fremu ya chuma, pamoja na skrini yake. Cheti chake kinasema kwamba shaka ya kipimo chake ni asilimia 0.5. Spana ya aina hii, juu ya nyutonimita 10, inaruhusiwa kukengeuka kwa asilimia 4 kwa upande wowote, na kiwango kinataka chombo cha kulinganishia kiwe na shaka isiyozidi robo ya ruhusa hiyo, yaani asilimia 1. Kwa hiyo kipima-torki kinatosha, iwapo cheti bado kinasema kweli.

Ili kuhakikisha hilo tulitumia wenzo na uzito. Tulifunga kwenye kihisi wenzo wenye urefu wa mita 1 kamili, kutoka katikati ya mhimili hadi kwenye mfuo ambamo waya wa uzito unaning’inia, tukaushikiza kwa beringi ili kihisi kisipindwe pembeni, tukauweka sawa kwa pima maji, kisha tukairudisha skrini kwenye sifuri wenzo ukiwa umekwisha kufungwa ili uzito wake mwenyewe usihesabiwe. Tukaning’iniza kilo 4, halafu kilo 12, halafu kilo 20. Skrini ilionyesha 39.1, kisha 117.4, kisha 195.7.

Kijana wetu wa mafunzo alikuwa amekwisha kupiga hesabu kwa 9.81, kama alivyofundishwa darasani, akapata kwamba kilo 20 zilipaswa kutoa 196.2. Akaniambia, “Yaya, kipimo hiki kinapunguza nusu nyutonimita.” Hesabu yake ilikuwa safi, lakini namba aliyoanzia si ya mji wetu. Nguvu ya uvutano hupungua kadiri mtu anavyokaribia ikweta na kadiri anavyopanda juu ya usawa wa bahari. Lubumbashi iko karibu digrii 12 kusini mwa ikweta na kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, kwa hiyo thamani inayofaa hapa ni 9.78. Kilo 20 kwenye mita 1 hutoa nyutonimita 195.6, na kipima-torki kilisema 195.7. Tofauti kati ya 9.81 na 9.78 ni asilimia 0.3, ambayo kwa fundi wa kawaida si kitu, lakini ni karibu theluthi moja ya shaka yote tunayoruhusiwa kuwa nayo. Nimefurahi kwamba aliuliza kwa sauti badala ya kuisahihisha skrini kimyakimya.

Tarehe 9 Julai

Siku hii ilipotea, na ninaeleza jinsi ilivyopotea kwa sababu kosa lenyewe haliachi alama yoyote kwenye karatasi.

Tuliiweka spana namba 3 kwenye 40 na kijana akaivuta mara tatu. Skrini ilitoa 43.6, kisha 47.2, kisha 41.9. Tukatazamana, kwa maana tulitarajia spana inayopungukiwa, na namba hizi zilisema inakaza kupita kiasi tena bila mpangilio. Niliomba avute mara nyingine huku mimi nikitazama mkono wake badala ya skrini. Spana ilisema “tak”, mkono ukaendelea kidogo mbele kama unavyoendelea mkono wa mtu yeyote, na ndipo akauachia.

Skrini ilikuwa kwenye hali ya `PEAK`. Katika hali hiyo kifaa hushika namba kubwa kuliko zote iliyoiona, hata kama ilitokea baada ya mlio. Spana ya mlio hulegea kwa digrii chache tu inapofyatuka, na ukiendelea kuvuta baada ya hapo, mpini hushikana tena na kuwa kama fimbo tupu, na torki hupanda kwa kadiri ya nguvu za mvutaji. Namba tulizozipata zilikuwa kipimo cha mkono wa kijana. Hali inayofaa kwa spana hii ni `FIRST PEAK`, ambayo hushika kilele cha kwanza kabla ya kule kulegea. Tulipobadilisha, namba ikashuka hadi 36 na ushei.

Dalili ya kosa hili ni namba kutawanyika kwa upande wa juu pekee, na kubadilika kila mvutaji anapobadilishwa. Spana yenyewe inapokuwa na hitilafu, hukosea vilevile mikononi mwa kila mtu. Nimeandika neno la hali ya skrini juu kabisa ya fomu yetu, mbele ya namba ya spana, na fomu isiyojazwa mahali hapo haitapokelewa.

Umeme ulikatika kabla hatujaanza upya.

Tarehe 10 Julai

Joto la chumba lilikuwa nyuzi 23 saa saba kamili, na nyuzi 23 na nusu tulipomaliza.

Vituo vya mzigo ni vitatu: kituo cha chini kabisa cha skeli, kituo cha karibu asilimia 60 ya kilele, na kilele chenyewe. Kwa spana namba 3 hivyo ni 40, 120 na 200. Kwenye kila kituo tunachukua vipimo vitano, na tunapanda kutoka chini kwenda juu.

Kabla ya kipimo cha kwanza spana iliwekwa kwenye 200 na kufyatuliwa mara tano bila kuandika chochote. Watu wengi huona hatua hii kuwa ya bure. Spana iliyokaa ina grisi iliyojikusanya mahali pasipo na kazi na sehemu zilizogandana kidogo, na mifyatuko yake ya kwanza hutofautiana na inayofuata. Tusipoitikisa, kutokulingana huko kutaingia kwenye kituo cha kwanza peke yake, nacho ndicho kituo ambacho nyutonimita moja ina uzito mkubwa kuliko vingine vyote.

Kisha tuliishusha skeli hadi chini na kuipandisha hadi kwenye alama. Kila kituo hufikiwa kutoka chini, na mtu akipita alama hata kwa unywele harudi nyuma na kusimama hapo. Hushuka chini zaidi ya alama na kupanda tena. Uzi wa skurubu ya mpini una nafasi ndogo ya kucheza, na alama ileile inayofikiwa kutoka juu huiacha springi katika mbano usio uleule.

Kuhusu kuvuta, mkono ulikaa katikati ya mshiko, mahali palipochorwa mstari, na spana ilikuwa mlalo huku mhimili wa kihisi ukielekea juu. Mvuto ulikwenda haraka kiasi hadi karibu asilimia 80 ya torki iliyokusudiwa, halafu polepole na kwa usawa hadi mlio. Papa Shefu mwenyewe ndiye aliyevuta. Mkono wake una utulivu ambao sisi wengine hatujaupata, na kabla ya kila mvuto alishusha pumzi, akasubiri skrini irudi sifuri, ndipo akaanza. Mvuto mmoja kwenye 120 aliukataa yeye mwenyewe kabla hajaona namba, akisema bega lake lilitikisika, tukaufuta na kuurudia.

Haya ndiyo tuliyoyakuta. Namba za ndani ni nyutonimita zilizoonyeshwa na kipima-torki wakati wa mlio.

| Kituo | 1 | 2 | 3 | 4 | 5 |
|---|---|---|---|---|---|
| 40 | 36.1 | 35.8 | 36.2 | 35.9 | 36.0 |
| 120 | 116.2 | 115.8 | 116.0 | 115.3 | 116.1 |
| 200 | 196.4 | 195.9 | 196.8 | 196.1 | 196.5 |

Tarehe 11 Julai

Leo tumekaa ofisini na karatasi tu. Mkengeuko unahesabiwa hivi:

```
As = (Xa - Xr) x 100 / Xr
```

`Xa` ni namba iliyowekwa kwenye skeli ya spana, `Xr` ni namba iliyotolewa na kipima-torki, na `As` ni mkengeuko kwa asilimia. Jedwali letu la mkengeuko likawa hili:

| Kituo | 1 | 2 | 3 | 4 | 5 |
|---|---|---|---|---|---|
| 40 | +10.80 | +11.73 | +10.50 | +11.42 | +11.11 |
| 120 | +3.27 | +3.63 | +3.45 | +4.08 | +3.36 |
| 200 | +1.83 | +2.09 | +1.63 | +1.99 | +1.78 |

Swali la kwanza nililomwuliza kijana lilikuwa kama spana hii inakaza mno au inakaza kidogo. Alitazama alama za kujumlisha, akajibu mara moja kwamba inakaza mno. Nilimwomba arudi kwenye jedwali la jana. Spana ikiwekwa kwenye 40, bolti inapata 36. Inakaza kidogo.

Hapo ndipo watu wengi hupotea, na si kwa uzembe. Fomula inaanza na spana: inachukua kile spana inachosema na kukitoa kile kilicho kweli. Alama ya kujumlisha inamaanisha kwamba spana inasema zaidi ya inachotoa. Inaahidi 40 na kulipa 36. Alama ya kutoa inamaanisha kwamba inalipa zaidi kuliko ilivyoahidi, na bolti inapata torki ya ziada. Mtu anayefikiria bolti huzisoma alama hizi kinyume, kwa sababu kwake ziada inapaswa kuwa ziada ya kukaza. Jedwali la mkengeuko ni hesabu ya ukweli wa spana, na kabla ya kulisoma ni lazima ujue ni nani anayehesabiwa.

Jambo la pili liko kwenye kipimo cha nne cha kituo cha 120. Kipima-torki kilitoa 115.3, upungufu wa nyutonimita 4.7. Ukigawa kwa 120, namba ya kwenye skeli, unapata asilimia 3.92, na spana inapita. Ukigawa kwa 115.3, namba ya kweli, unapata asilimia 4.08, na spana haipiti. Fomula inagawa kwa `Xr`. Kuna njia rahisi ya kukumbuka mipaka bila kuhesabu asilimia kila mara: kwenye kituo cha 120, kipima-torki lazima kitoe kati ya 115.4 na 125.0, ambazo ni 120 kugawa kwa 1.04 na 120 kugawa kwa 0.96. Tazama kwamba mipaka hiyo haiko mbali sawasawa na 120. Nimeiandika kwa penseli pembeni mwa kila kituo, ili anayepima aone papo hapo.

Nakiri kwamba 115.3 iko karibu mno na mpaka, na kipima-torki chenye shaka ya asilimia 0.5 hakiwezi kuapa kwamba kipimo kile kimoja kiko nje. Kama hicho kingekuwa tatizo pekee, ningerudia mfululizo mzima siku nyingine kabla ya kutoa hukumu. Kituo cha 40 kimetuondolea mashaka hayo.

Jambo la tatu ni wastani. Wastani wa vipimo vitano vya kituo cha 120 ni 115.88, na mkengeuko wake ni asilimia 3.56, ndani ya ruhusa. Lakini hukumu haitolewi juu ya wastani. Kila kipimo kinasimama peke yake na kila kimoja lazima kiwe ndani, kwa sababu bolti haikazwi kwa wastani wa mivuto mitano. Inakazwa kwa mvuto mmoja.

Tarehe 14 Julai

Nilirudi kwenye jedwali la kwanza, lile la nyutonimita, nikatafuta upungufu wa kila kituo kwa kutumia wastani, kwani kwa kutafuta chanzo wastani unafaa. Kwenye 40 upungufu ni 4.0. Kwenye 120 ni 4.1. Kwenye 200 ni 3.7. Asilimia zinashuka kutoka 11 hadi 2, lakini nyutonimita hazibadiliki.

Huu ndio usomaji wenye faida kuliko yote, na jedwali la asilimia peke yake huuficha. Springi iliyochoka, yaani iliyopoteza ugumu wake, hupunguza kila kituo kwa sehemu ileile: ikipoteza asilimia 5 kwenye 40, itapoteza karibu asilimia 5 kwenye 200, na nyutonimita ndizo zitakazoongezeka. Hapa ni kinyume chake. Nyutonimita nne zimekatwa sawasawa kote, na maana yake ni kwamba springi ni nzima ila mahali inapoanzia pamesogezwa. Skeli na springi haviafikiani kuhusu mwanzo.

Ndiyo maana vituo vitatu vinahitajika. Fundi anayeijaribu spana hii kwenye 200 tu angeandika kwamba ni nzuri, na angekuwa sahihi kuhusu 200. Bolti ya giaboksi inakazwa kwa 45, karibu kabisa na mwisho wa chini, ambako nyutonimita nne ni karibu asilimia 10 ya kile bolti inachopata.

Nilibaki na swali la ni nani aliyeusogeza mwanzo, kwa maana springi haijisogezi. Mama wa ofisi alilipata jibu kwenye faili la mwaka jana. Spana zetu zilipelekwa nje kulinganishwa, zikarudi na majedwali. La namba 3 lilionyesha vipimo vya karibu 38 kwenye 40, 118 kwenye 120 na 198 kwenye 200, na mikengeuko ya +5.26, +1.69 na +1.01. Chini yake kuna maandishi ya kalamu: “Imezidi. Imepunguzwa.” Hakuna vipimo vya baada ya kurekebisha.

Spana ilikuwa inapungukiwa nyutonimita 2. Aliyeisoma aliona alama ya kujumlisha, akaamini kwamba inakaza mno, akailegeza kwa nyutonimita 2 nyingine. Upungufu wa 2 ukawa wa 4. Siandiki hapa ni nani wala ni wapi, kwa sababu kijana wetu, mwenye bidii na akili timamu, alilisoma jedwali letu vivyo hivyo siku ya Ijumaa. Kinachoniuma ni ile karatasi tupu baada ya neno “imepunguzwa”. Vipimo vitano tu kwenye kituo cha chini vingeonyesha 36 na kuifichua hitilafu siku ileile, na sisi tuliopokea karatasi hiyo hatukuuliza.

Tarehe 15 Julai

Kurekebisha. Ukifungua kifuniko cha nyuma ya mpini, ndani kuna skurubu inayobana au kuachia springi bila kuisogeza skeli. Si spana zote zenye skurubu mahali hapo, na nyingine zina nati ya kufungia ambayo lazima ilegezwe kwanza. Anayefanya kazi hii afuate karatasi ya mtengenezaji.

Kwa kuwa tulijua kwamba kosa ni la mwanzo, tulifanya kazi kwenye kituo cha 40 peke yake. Tulibana kidogo, robo ya robo ya mzunguko kwa wakati, na baada ya kila mguso tuliifyatua spana mara tatu bila kuandika ndipo tukapima. Baada ya mguso wa nne skrini ilitoa 39.8 na 40.1. Tulifunga kifuniko, kwa sababu kufunga kwenyewe huweza kuisogeza skurubu, tukaanza kalibresheni yote upya, pamoja na mifyatuko mitano ya awali kwenye 200.

Kwenye 40 vipimo vilikaa kati ya 39.6 na 40.2, yaani mkengeuko kutoka +1.01 hadi −0.50. Kwenye 120 vilikaa kati ya 119.2 na 120.4. Kwenye 200, ambako hatukugusa chochote, vilipanda vyenyewe hadi kati ya 199.8 na 201.1. Vituo vyote vitatu vilisogea kwa karibu nyutonimita 4 kwa marekebisho yaliyofanywa kwenye kimoja tu, na huo ndio uthibitisho kwamba uchunguzi wa tarehe 14 ulikuwa sahihi. Kama springi ingekuwa imechoka, kukiweka sawa kituo cha chini kungekiacha cha juu kikiwa na upungufu.

Majedwali yote mawili, la hali tuliyoikuta na la hali tuliyoiacha, yamefungwa pamoja kwenye faili. Kwenye fomu nimeongeza sentensi moja chini ya jedwali la mkengeuko: “Kujumlisha: bolti inapata pungufu. Kutoa: bolti inapata ziada.”

Kijana amekaza tena bolti za giaboksi ya pikapu kwa 45. Mwenye gari ameombwa arudi baada ya safari mbili za Likasi ili tuangalie maungio.

Tarehe 17 Julai

Tulijadili muda wa kurudia. Kiwango kinasema miezi 12 au mifyatuko 5,000, chochote kinachotangulia, na mapema zaidi spana ikianguka vibaya, ikipitishwa kilele chake au ikifunguliwa. Sisi tulikuwa tukihesabu miezi tu. Kijana alihesabu kazi za siku tatu akapata kwamba namba 3 hufyatuliwa karibu mara 40 kwa siku, ambayo ina maana kwamba mifyatuko 5,000 inatimia katika siku 125 za kazi, yaani karibu miezi mitano. Itapimwa tena mwezi wa Desemba.

Kila jioni spana zote zitarudishwa kwenye alama ya chini kabisa ya skeli kabla ya kuwekwa kabatini, ila zisishushwe chini ya alama hiyo, kwa sababu springi iliyoachiwa kabisa huruhusu sehemu za ndani kukaa vibaya.

Tarehe 18 Julai

Namba 1, 2 na 4 zimepita bila kuguswa. Namba 5, ambayo ina skeli ileile ya 40 hadi 200, imetuletea kitu tofauti. Kwenye kituo cha 40 ilitoa 38.0, kisha 41.6, kisha 39.1, kisha 42.1, kisha 39.3. Wastani ni 40.0, mzuri kuliko wa spana nyingine yoyote karakanani. Mikengeuko inaanzia +5.26 hadi −4.99.

Papa Shefu alirudia mfululizo huo kwa mkono wake, kisha mimi, skrini ikiwa kwenye `FIRST PEAK`, na mtawanyiko ukabaki uleule mikononi mwetu sote. Hakuna skurubu ya kurekebisha itakayoponya hili, kwa sababu ukiuinua mwisho mmoja unaupeleka mwingine nje zaidi. Tulipoifungua tulikuta grisi imekauka na kugeuka gamba jeusi lililochanganyika na vumbi jekundu, na kipande kidogo cha chuma kinachofyatuka chini ya springi kina mfuo uliolika upande mmoja. Tumekiosha na kukitia grisi mpya kwa majaribio, lakini mfuo unaonekana kwa jicho na kucha inakwama ndani yake. Nimeifunga utepe mwekundu na kuiondoa kazini hadi kipande hicho kipatikane. Jedwali lake la hali tuliyoikuta limo kwenye faili. Jumatatu tunaendelea na namba 6.